Kreti ya lita 60 sio kilo 60

Mimi ni mvuvi hapa Majanji, ufukweni mwa ziwa Victoria, upande wetu wa Busia ya Uganda, na kwa miaka kama kumi na mbili nilikuwa naangalia kreti nakwambia kilo zake bila kugusa mizani. Watu waliniamini manake nilikuwa na hesabu yangu, sikuwa nabahatisha tu. Nilichukua ile kreti ya plastiki ya kawaida, nikaitandika kavera kubwa ndani sababu kreti ina matundu, nikamwaga maji ya jerikani ya lita 20, ikaingia moja, ya pili, ya tatu, ikajaa mpaka mdomo. Lita 60. Na kila mtu anajua lita moja ya maji ni kilo moja, na samaki anaishi majini sa atakuwa na uzito gani mwingine? Kreti moja kilo 60, basi, nikafunga hesabu.

Shida haikuonekana mapema sababu wachuuzi wa hapa ufukweni wananunua kwa macho kama mimi. Wanakuja, wanainua kreti kidogo, wanasema bei, tunabishana, pesa inatoka. Kilo ni maneno tu ya kuongezea ubishi.

Afu akaja mnunuzi mmoja anayepeleka ngege, wale samaki wengine wanaita sato, ng'ambo ya boda, yeye ananunua kwa mizani, shilingi 9,000 kwa kilo. Siku hiyo boti zetu mbili zilikuwa zimetoka vizuri, kreti 12 za ngege zimejaa. Nikampigia nikamwambia nina kilo 720. Akatuma gari. Mimi nami bila kungoja nikaanza kugawa pesa kichwani, milioni sita na laki nne na ushee, nikawaambia vijana wa boti kila mmoja atapata ngapi, mwenye injini nikamwahidi lake, hata mama watoto nikamwambia bati zinakuja.

Kufika mizani ikasema 468.

Nilipiga kelele jamani! Nikasema mizani ya yule mtu ni mwizi. Akanyamaza tu, akanambia panda mwenyewe juu. Nikapanda, ikasoma 71, na 71 ndo ileile waliyoniandikia kliniki wiki mbili nyuma. Nikashuka sina la kusema. Kilo 252 zilikuwa hewa, na kwa bei ile ni 2,268,000. Kurudi nyumbani vijana wakaamini nimekula. Kuambiwa hujui hesabu ni afadhali, hii ya kuitwa mwizi na mtu uliyelala naye kwenye boti moja inauma.

Sikulala vizuri. Asubuhi nikarudia kreti yangu na kavera lake, ila safari hii nikaijaza ngege kwanza mpaka mdomo kama tunavyojaza siku zote, ndo nikaanza kumwaga maji juu yake, nikipima kwa mtungi mdogo. Mama watoto akasimama mlangoni akicheka ati sasa unawarudisha samaki ziwani? Maji yakaingia, yakaingia, nikadhani kavera limetoboka. Yakaingia lita 21 ndo yakafika mdomo. Toa 21 kwenye 60, inabaki 39, na zile 468 ukigawa kwa 12 unapata 39 kamili. Nilikaa chini kwenye mchanga. Kumbe samaki mwenyewe hana kosa, ana lile pulizo tumboni linalomfanya akae katikati ya maji asizame asielee, kwa hiyo lita yake inakaribia kilo kweli kabisa. Kosa lilikuwa kwenye nafasi kati ya samaki na samaki, pale mkia unapokaa juu ya mgongo wa mwenzake. Mimi miaka yote nimekuwa nikiuza na hizo nafasi.

Ukishaona hivo unaelewa pia kwa nini kreti haziwezi kulingana. Mukene ni wadogo wanajaza kila tundu, kreti yake inakutoa jasho kuinyanyua. Mputa wakubwa wanajikunja, wanaacha mapango ndani, ukiitazama imejaa lakini ni nyepesi. Hata ngege kwa ngege, inategemea nani amepanga, kuna kijana wetu anawarusha tu na kuna mwingine anawapanga kama sahani.

Sasa nikataka kupima zote, lakini nani atapima kreti 12 alfajiri na gari linapiga honi? Pale ufukweni kuna dada anayeandika samaki wanaotua, nilikuwa namwona na mizani yake ya kuning'iniza na daftari nikidhani ni mambo ya kodi. Nikamuuliza. Akanambia, "Mzee, mimi sipimi zote, napima chache." Nikamwonyesha kreti nne nzuri, zile zilizofura. Akacheka akakataa. Akasema ukichagua kwa macho umerudi kulekule kwenye kubahatisha. Mimi nikakumbuka wale wanaonunua mahindi pale Busia mjini, wanachoma gunia na kile chuma hapa na pale, hawakubali uwaonyeshe mdomo wa gunia tu.

Kwanza akapima kreti tupu yenye maji maji, kilo 2 na nusu. Hiyo nayo sikuwahi kuitoa maishani. Afu akaandika 1, 2, 3 kwenye vikaratasi, nikavuta 2, akaanza na kreti ya pili akaruka mbili mbili, ikawa ya 2, ya 5, ya 8, ya 11. Zikasoma 42, 37.5, 44.5 na 39. Toa kreti tupu kila moja zinabaki 39.5, 35, 42 na 36.5. Jumla 153, gawa kwa nne ni 38.25, mara 12 ni 459. Siku hiyo nilikuwa na wasiwasi bado nikapima zote 12 moja moja mpaka mgongo ukaniuma, nikapata 466. Kilo saba tofauti! Mimi niliyekuwa nakosea kwa mamia.

Kuna mahali nilianguka tena baadaye, niwaambie tu. Nilipima kreti tatu za boti moja nikazidisha kwa zote, kumbe boti ya pili ilikuwa na nyavu za tundu dogo zaidi na samaki wake hawafanani, nikatoka nje tena. Sahi kila boti naipima kivyake, kwa mfano juzi boti ya kwanza ilikuwa na kreti 7 kwa wastani wa 41, ni 287, ya pili kreti 5 kwa 34, ni 170, jumla 457. Na napima kabla ya barafu kuingia, manake barafu nayo ni uzito na hakuna atakayekulipa ngege kwa barafu.

Nikampigia mnunuzi nikamwambia 457 hivi, inaweza pungua au kuzidi kidogo. Mizani yake ikasoma 461. Vijana wakasikia, sasa wanataka kujua hizo kilo nne ni za boti gani.