Swali la 2(b): Chanzo A na sababu za Maji Maji

Shikamoo mwalimu, samahani nimechelewa, simu ilizima chaji nikiwa nimeandika nusu ikabidi nianze upya. Hili hapa jibu la 2(b), lile la alama 12, linalouliza Chanzo A kina manufaa kiasi gani kwa mtu anayetafuta sababu zilizowafanya watu wa kusini waasi mwaka 1905. La 2(a) nitakutumia usiku nikimaliza.

Kwanza kabisa Chanzo A kina upendeleo. Nasema hivo kwa sababu aliyeandika ni ofisa wa Kijerumani wa wilaya, yuko Kilwa, ni Oktoba 1905, na anamwandikia bosi wake gavana, sasa hapo unategemea nini? Hawezi kukaa upande wa Wamatumbi hata siku moja. Najua mwalimu hii ripoti umetutungia mwenyewe kwa kufuata mtindo wa ripoti za wakati ule, ila mi naichukulia kama ya kweli, na kama ni ya kweli basi huyu jamaa ana upande, na upande wake ni wa serikali iliyokuwa inamlipa mshahara.

Anaanza na waganga. Kwake yeye vita yote hii wameileta waganga waliowadanganya watu kwamba wakinywa maji au wakinyunyiziwa basi risasi za Wajerumani zitageuka maji, kwa hiyo watu waliasi kwa ujinga tu basi. Huu ni upendeleo mkubwa sana. Sisi tumesoma kwamba Kinjikitile Ngwale alikuwa kule Ngarambe tangu 1904, watu wakawa wanamwendea kwa makundi kutoka mbali, akasemekana amepandwa na pepo aitwaye Hongo, na yale maji ndo yaliwaunganisha Wamatumbi na Wangindo na wengine ambao kabla ya hapo kila mmoja alikuwa na mambo yake. Yaani maji yalifanya kazi ya kuwaleta pamoja, siyo ujinga. Ofisa haoni hilo, au analiona halitaki. Tena Kinjikitile walishamnyonga Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, miezi miwili kabla ya hii ripoti, na bado vita ikaendelea kusambaa, sasa kama waganga ndo chanzo mbona kumnyonga mmoja hakukuzima moto? Ofisa halijibu hilo kwa sababu ana upendeleo.

Halafu pamba. Hapa ndo nilikasirika nikisoma, nisamehe kama sentensi zitakuwa ndefu. Anasema watu ni wavivu, hawajui faida ya pamba, na kwamba mashamba ya pamoja yalianzishwa kwa ajili ya maendeleo yao wenyewe. Ukweli ni kwamba ule mpango ulianza 1902 wakati wa gavana Götzen, kila kijiji kinalima shamba moja la jumbe au akida, mwanaume anatakiwa kutoa kama siku 28 kwa mwaka, na hizo siku zinaangukia hapo hapo anapotakiwa awe shambani kwake akipalilia chakula cha watoto, na mwisho wa siku malipo ni kidogo mno hadi sehemu nyingine watu waliyakataa. Huo siyo uvivu jamani, huyo ni mtu amefanya kazi ya watu wawili afu anapewa ya robo mtu. Kwa hiyo neno uvivu ni la upendeleo.

Ila kuna kitu kingine nimekiona humo humo, sijui kama kina alama. Kwenye aya ya pili anasema watu hawakuwa na shida na pamba, waliishi nayo vizuri tu, kisha kwenye aya ya tatu anamweleza gavana kwamba kitu cha kwanza walichofanya waasi kule milimani ilikuwa ni kung'oa mipamba. Na kweli tumesoma kwamba Nandete ndiko walikoanza kung'oa, Julai 1905. Sasa mtu asiye na shida na pamba anaanzaje kwa kung'oa pamba? Anajichanganya mwenyewe bila kujua. Hapo ndo unapojua kabisa kwamba ana upendeleo, kwa sababu mtu mkweli hajichanganyi.

Kodi nayo ameigusa juu juu. Anasema kodi ya nyumba ni nyepesi na haikumuumiza mtu. Kodi ilianza 1898, ilikuwa rupia 3, na rupia huokoti njiani, lazima ukafanye kazi kwa mtu au uuze kitu, na wewe hukuwa mtu wa rupia kabla hawajaja. Ofisa anaandika pia kwamba kila askari wa kodi wakikaribia, vijiji vingine hukutwa vitupu, watu wameingia porini wamebaki wazee na kuku. Hiki kisa cha vijiji vitupu sijakitumia kwenye jibu, maana kimesemwa na mtu mwenye upendeleo na siwezi kumwamini.

Maakida. Ofisa anawasifia kuwa ni watu waaminifu wanaopendwa na wananchi. Upendeleo tena, kwa sababu ni watu wake, ndo aliwaweka, wengi wao walitoka pwani na hawakuwa wenyeji wa kule walikotumwa kutawala, viboko walipiga wao, kodi walikusanya wao, shamba la pamba walisimamia wao. Halafu sentensi mbili mbele anasema akida mmoja ambaye alimsifia hapo juu alikimbia usiku ule ule fujo zilipoanza hakusubiri hata kupambazuke. Nilicheka. Mtu anayependwa anakimbia nini usiku? Lakini ndo hivo, ukishakuwa na upendeleo utasema chochote.

Kuhusu lugha. Anawaita watu washenzi mara tatu na mara moja anawaita watoto. Anasema wanahitaji mkono mgumu. Haya ni maneno ya upendeleo na mwanahistoria akiyaona ajue kabisa kwamba mwandishi alikuwa na dharau.

Tarehe nayo ni tatizo. Oktoba 1905 vita bado inaendelea, Mahenge walishaivamia tarehe 30 Agosti, Wangoni walishaingia vitani mwezi Septemba, Askofu Spiss alishauawa tangu Agosti, kila mtu wa serikali ana hofu na hasira. Huyu ofisa anaandika akiwa na hofu hiyo. Mwishoni anaomba aongezewe askari, na anajitetea sana kwamba hakuna mtu angeweza kujua mapema kwamba vita inakuja, eti watu walimficha. Nafikiri anajitetea kwa sababu vita imeanzia kwenye eneo lake na gavana atamuuliza alikuwa wapi, kwa hiyo lazima atafute wa kumlaumu, na mganga ni rahisi kumlaumu kuliko kumlaumu gavana aliyeleta mpango wa pamba wakati ndo unamwandikia barua. Hilo linaonyesha upendeleo wake ulivyo mkubwa kupita kawaida.

Vilevile Wangoni hawamo kabisa kwenye ripoti. Wao mambo yao yalikuwa tofauti kidogo, habari ya mashamba ya pamoja ya pamba ilikuwa zaidi huku upande wa pwani na kusini mashariki, Wangoni walikuwa na machungu yao ya watawala wao kunyang'anywa madaraka, na baadaye Wajerumani wakawanyonga viongozi wao akiwemo Songea Mbano mwaka 1906. Ofisa wa Kilwa hasemi chochote kuhusu Songea. Nimeliweka hili kwenye upendeleo pia, maana kunyamaza nako ni upendeleo.

Ulituambia tulinganishe na chanzo kingine tunachokijua. Mi nimechagua yale masimulizi ya wazee ambayo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliyakusanya mwaka 1968, wanafunzi walitumwa vijijini wakawahoji wazee, wengine walikuwa watoto vita ilipopiganwa na wengine walisimuliwa na baba zao. Wale wanasema pamba, viboko, akida, kodi. Ofisa anasema waganga na uvivu. Kwa hiyo wazee wako sahihi na ofisa ana upendeleo. Mtu anaweza kusema wazee nao walikuwa na upande wao, na miaka zaidi ya 60 imepita, na 1968 nchi ilikuwa imeshapata uhuru na Maji Maji imeshakuwa ya kujivunia, ni kweli, ila wao ndo waliumizwa, watu walikufa kwa njaa baada ya vyakula kuchomwa, serikali ya Kijerumani yenyewe ilikadiria watu 75,000 na wanahistoria wengine wanafika hadi 300,000, kwa hiyo siwezi kuwaweka wazee kundi moja na ofisa.

Kuhusu kiasi gani cha manufaa, kwenye swali umeandika kiasi gani, nimejibu kiasi kidogo, kwa sababu kina upendeleo. Nilitaka kuandika hakina manufaa kabisa nikaogopa ni kali mno.

Nimehesabu, neno upendeleo limetokea mara nyingi kuliko neno sababu, sijui kama ni vibaya. Kitu kingine, ile orodha iliyo mwishoni mwa ripoti, ya vijiji vilivyong'oa pamba na tarehe zake, ambapo karibu vyote ni vile vyenye shamba la akida, na vile viwili ambavyo havikuwa na shamba vikachelewa hadi Septemba, hiyo sijaigusa. Niliisoma mara tatu nikitafuta upendeleo wake sikuuona, ni majina na tarehe tu, kwa hiyo sikupata cha kuandika.