YAH: OTOKLEVU YA MVUKE BADALA YA KUCHEMSHA VIFAA

Mkurugenzi wa Hospitali,
Mbeya.

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Napendekeza tununue otoklevu kwa ajili ya chumba cha upasuaji na wodi ya wazazi. Kuchemsha hakuui spora za bakteria wa pepopunda, na kwa mwinuko wetu huku maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100. Mvuke wenye shinikizo hufika nyuzi 121. Dakika 30 zinatosha kwa vifaa vilivyofungwa vitambaa, na hubaki salama humo hadi vitumike. Vya sufuriani hutoka vimelowa, havihifadhiki.

Umeme wetu tunaujua, hivyo ichaguliwe inayotumia na gesi.

Naomba idhini ya kuomba ankara kifani.

Nawasilisha.

Muuguzi Mfawidhi