Prompti za mokapu: nembo ya Mikindani kwenye kikombe, mfuko na fulana

Bandika hii mwanzo, pamoja na faili nembo-mikindani.png:

Picha niliyoambatisha ni nembo ya kikundi cha akina mama wanaobangua korosho Mikindani, mkoani Mtwara. Ina bibo moja, korosho ikining'inia chini yake, na neno MIKINDANI kwa herufi kubwa. Itumie kama ilivyo. Usiichore upya, usiongeze majani, usibadilishe herufi hata moja. Korosho ibaki chini ya bibo kama inavyokuwa mtini, isipandishwe juu. Rangi ni mbili tu, wekundu #7B1E2B na maziwa #F3E6CC. Picha zote zifanane na zilizopigwa kwa kamera siku moja, saa mbili asubuhi, jua likitokea kushoto.

(Hiyo saa mbili usiifute. Oktoba, msimu wa korosho, jua la adhuhuri huku kwetu linakuwa utosini. Vivuli vinaangukia chini moja kwa moja, na kitambaa kinaonekana bapa hata kama kimejaa mikunjo.)

Kikombe:

Weka nembo kwenye kikombe cheupe cha kauri chenye ujazo wa mililita 325, mkono wake ukiwa kulia. Nembo iwe na upana wa sentimita 6, ifuate mviringo wa kikombe, kingo zake za kushoto na kulia zikibanwa kidogo kadiri uso unavyogeukia nyuma. Mng'aro wa dirisha upite juu ya wino, usikatike unapofika kwenye nembo. Kikombe kiwe juu ya meza ya mbao, kando yake sahani ya korosho zilizokaangwa. Ukuta wa nyuma uwe wa mawe ya matumbawe yaliyopakwa chokaa, umefifia.

Mfuko:

Weka nembo kwenye mfuko wa begani wa marekani, pamba isiyopaushwa, yenye vijidoa vya asili vya nyuzi. Mfuko umetundikwa kwenye msumari wa mlango wa mbao wa kuchonga, ndani kuna kilo mbili tatu za korosho, kwa hiyo chini umetuna na juu umelegea. Mikunjo miwili mirefu ishuke kutoka pale mikono ya mfuko iliposhonewa, ikutane na uvimbe wa chini na kuishia hapo. Mkunjo wa kushoto upite juu ya herufi M: herufi ijikunje pamoja na kitambaa na sehemu yake moja iingie kivulini, lakini isomeke. Mtande na mshindio vionekane kupitia wino, kwa sababu wino wa maji wa kuchapia kwa skrini huingia kwenye nyuzi. Usiweke kingo kali za stika.

Fulana, ukitumia faili nembo-mikindani-maziwa.png, maana bibo jekundu litapotea kwenye kitambaa chekundu:

Mwanamke wa miaka thelathini hivi, Mswahili wa pwani, amevaa fulana ya pamba ya gramu 180 kwa mita ya mraba, shingo ya duara, rangi #7B1E2B, na kanga kiunoni. Ameinua mkono wa kulia kushika fremu ya mlango. Kwa sababu hiyo kitambaa kimevutwa: mikunjo iliyokaza ianzie kwapa la kulia, ikatize kifuani kwa mshazari, ielekee kiunoni kushoto, ikilegea kadiri inavyoshuka. Upande wa kushoto, ambako mkono umetulia, kitambaa kianguke kwa mawimbi laini. Kanga imebana pindo, hivyo juu yake pawe na makunyanzi madogo yaliyorundikana. Kila mkunjo uwe na chanzo chake. Usitawanye makunyanzi ovyo.

Nembo iwe katikati ya kifua, upana sentimita 24. Mistari ya herufi ipinde kila inapovuka mkunjo, na sehemu iliyozama bondeni ijifiche kweli, isinyooshwe ili ionekane yote. Kwenye kitambaa chenye rangi iliyokolea kama hiki kivuli pekee hakitoshi: migongo ya mikunjo ishike mwanga, na wino wa maziwa ung'ae pale pale na ufifie kuelekea kijivu cha joto bondeni. Wino usiwe na weupe mmoja mahali pote. Kamera iwe usawa wa kifua, lenzi ya milimita 85, uso wa mama huyu uwe kwenye picha, ametulia, haigizi tabasamu.

Fulana ikitoka na nembo inayoelea, bandika hii bila kugusa prompti ya juu:

Acha mtu, mwanga, mandhari na mikunjo kama vilivyo. Badilisha nembo peke yake: ilaze juu ya kitambaa, ifuate kila bonde na kila mgongo uliopo, ipokee vivuli vile vile vya fulana. Hakiki tahajia ya MIKINDANI, herufi tisa, na uhakikishe korosho iko chini ya bibo.