Mizunguko Saba na Nusu

Kipupwe cha Mbulu hakina huruma na miguu mitupu. Paskalina anapotoka nyumbani kwa bibi yake saa kumi na nusu alfajiri, hakimbii. Anatembea dakika kumi nzima, akikunja na kukunjua vidole, mpaka damu ishuke. Unyayo uliokufa ganzi hausikii mwiba wa mgunga mpaka umeshazama.

Viatu anavyo pair moja tu, vyeusi vya shule, na ni vya kumfikisha Desemba. Kwa hiyo anapita njia ya ng'ombe, yenye udongo laini, na kuikwepa barabara ya changarawe. Gizani anapiga hatua fupi za harakaharaka. Anatua kwa sehemu ya mbele ya unyayo, kisigino kikigusa chini baadaye, tena kidogo tu. Akirefusha hatua kisigino hutangulia, na jiwe moja likikipata atachechemea wiki nzima.

Mashavu ya miguu ndiyo yanayolipa gharama ya mwendo huo. Miezi ya kwanza yalikaza hata kushuka kilima na ndoo ya maji kukawa shida, ndipo mwalimu wa michezo akampunguzia kutoka siku sita hadi nne. Jioni ananawa miguu kwa maji ya vuguvugu, anakagua funza katikati ya vidole, kisha anapaka mafuta visigino visipasuke. Ufa ukishafika kwenye nyama, mazoezi yamekwisha.

Siku ya mashindano ya wilaya, mbio za mita 3,000 zilipangwa saa tatu asubuhi. Usiku alikula ugali na maziwa, maharage akayaacha. Saa kumi na mbili akanywa kikombe kimoja cha uji.

Uwanjani msichana wa shule nyingine alimwonea huruma, akamletea viatu vya misumari vya dada yake.

"Shikamoo, mwalimu. Nivae hivi?"

"Marahaba. Umewahi kuvikimbilia?"

"Hapana."

"Basi mrudishie na umshukuru. Mzunguko wa tatu tu utakuwa na malengelenge. Ila wenzako wana misumari, kwa hiyo usijibane ndani. Kaa begani mwa aliye mbele yako, upande wa nje. Kila kona utaongeza kama mita tatu, lakini vidole vitabaki salama. Na kila mzunguko dakika moja na sekunde 36. Usinizidishie."

Mistari ilichorwa kwa majivu juu ya nyasi. Kipenga kilipolia, kumi na wanne waliondoka kwa pamoja, na Paskalina akajikuta anaongoza. Watu walikuwa wanapiga kelele, na hajawahi kukimbia akipigiwa kelele. Nusu mzunguko wa kwanza aliumaliza kwa sekunde 41. Mzunguko uliofuata, dakika moja na sekunde 29.

"Punguza, Paskalina! Punguza!"

Hakusikia. Katika mzunguko wa tatu kichomi kilimshika chini ya mbavu za kulia, akapitwa na mmoja, akapitwa na wengine watano, akawa wa saba. Hapo ndipo alipokumbuka kupumua. Akabonyeza mahali panapouma kwa vidole viwili, akawa anatoa pumzi yote kila mguu wa kushoto unapotua, akayaacha mabega yashuke. Mzunguko ule ulimgharimu dakika moja na sekunde 46.

Kichomi kilipolegea, nyasi zikaanza kumsaidia. Zilikuwa na umande bado, na wenye raba walikuwa wanateleza konani. Vidole vyake vilishika. Alimpita mmoja kwenye kona, mwingine kwenye mnyoosho. Kengele ya mzunguko wa mwisho ilipogongwa alikuwa wa tano. Akaongeza mikono kwanza, miguu ikafuata. Akamfikia wa nne mita 50 kabla ya utepe, akampita kwa nje. Wa tatu alibaki mbele yake kwa hatua tatu.

Dakika 12 na sekunde 3. Wanaokwenda mkoani ni watatu.

Alikaa kwenye nyasi, akatoa kijiwe kilichonasa chini ya kidole gumba. Mwalimu akachuchumaa kando, akamwonyesha daftari.

"Filbert Bayi alitoka huku huku kwetu juu, Karatu. Mwaka 1974 kule Christchurch aliongoza mita 1,500 toka mwanzo, akavunja rekodi ya dunia, 3:32.16. Kukaa mbele si kosa. Yeye mwendo wake aliujua. Wewe tazama hapa: mzunguko wa mwisho umekimbia 1:31, nguvu ulikuwa nazo. Ulizitupa pale mwanzoni."

Paskalina alizisoma namba moja moja kwa kidole.

"Mwalimu, gizani nitajuaje kwamba ni 1:36?"

"Jumatatu jioni njoo hapa. Tutapima mita 200, utakimbia kwa sekunde 48, mara nane, ukipumzika dakika mbili kila baada ya moja. Nne za kwanza nitakutajia saa. Nne za mwisho utanitajia wewe."

"Na kesho?"

"Kesho Jumapili. Miguu ipumzike."

"Basi naomba daftari, mwalimu, nizinakili hizi."