Nyongeza ya Mkataba wa Kukodisha Jenereta: Kinga, Fidia na Wizi

Nyongeza hii ni sehemu ya mkataba uliosainiwa Tabora Mjini tarehe 3 Machi 2025 kati ya Mwenye Jenereta, ambaye karakana yake iko mjini hapa, na Mkodi, mkandarasi anayejenga madarasa wilayani Urambo. Kinachokodishwa ni jenereta moja ya dizeli ya kVA 20 iliyofungwa juu ya trela ya magurudumu mawili, kwa siku 60, kwa kodi ya shilingi 85,000 kwa siku. Pale ambapo nyongeza hii inapingana na mkataba mama kuhusu upotevu au fidia, nyongeza hii ndiyo itakayofuatwa.

1. Wahusika wamekagua jenereta pamoja na kukubaliana kwamba thamani yake ni shilingi 17,500,000. Hiyo ni thamani ya mtambo uliokwisha kutumika, si bei ya mpya dukani, na hakuna fidia ya upotevu itakayozidi kiasi hicho.

2. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inamtaka aliyekabidhiwa mali ya mwenzake aitunze kama mtu mwenye busara ya kawaida anavyotunza mali yake mwenyewe ya namna hiyo, na pasipo makubaliano maalumu haimbebeshi hasara aliyetimiza uangalizi huo. Wahusika wanakiona kipimo hicho kuwa cha haki, lakini ni kipana mno kwa kambi ya ujenzi, ambako baada ya wizi kila mtu hudai kwamba alikuwa mwangalifu. Kwa hiyo wamekubaliana kwamba uangalizi maana yake ni haya: kuanzia saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi jenereta iwe ndani ya uzio, trela ifungwe kwa mnyororo na kufuli kwenye nguzo ya chuma iliyosimikwa kwa zege, ufunguo wa kuwashia ukae kwa msimamizi wa kambi, na awepo mlinzi aliye macho, anayesaini daftari la zamu kila anapoingia na kutoka.

3. Jenereta ikiibwa wakati sharti lolote kati ya hayo halijatimizwa, na kutotimizwa huko kumechangia wizi, Mkodi atamlipa Mwenye Jenereta thamani yote iliyotajwa katika kifungu cha 1 ndani ya siku 30. Jukumu la kuonyesha kwamba masharti yalitimizwa ni la Mkodi, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa na mtambo mikononi mwake na ndiye mwenye daftari na walinzi. Wizi uliofanywa na mfanyakazi, kibarua au mlinzi wa Mkodi utahesabiwa kuwa umetokana na uzembe wake, hata kama kufuli lilikuwepo.

4. Masharti yote yakiwa yametimizwa na jenereta ikaibwa hata hivyo, ikiwa ni pamoja na kuporwa kwa silaha, hasara ni ya Mwenye Jenereta. Yeye ndiye atakayekata bima ya wizi kabla ya kukabidhi mtambo, akiendelea kuilipia muda wote wa mkataba. Mkodi atachangia nusu tu ya sehemu ya hasara ambayo kampuni ya bima hailipi, na mchango huo hautazidi shilingi 1,000,000. Mwenye Jenereta akiacha kukata bima, hataweza kumgeukia Mkodi kwa kile ambacho bima ingelipa.

5. Hasara itakuwa ya Mwenye Jenereta peke yake iwapo wizi umefanywa na dereva au fundi wake, au umetokea zaidi ya siku 3 baada ya Mkodi kumwandikia aje kuchukua mtambo wake naye asije, mradi Mkodi ameendelea kuulinda kama kifungu cha 2 kinavyoeleza.

6. Mkodi atatoa taarifa polisi na kumpigia simu Mwenye Jenereta ndani ya saa 12 tangu kugundua wizi, kisha atamkabidhi namba ya RB na nakala ya daftari la zamu. Kodi itakoma siku taarifa inapofika polisi. Akichelewa, na bima ikakataa kulipa kwa sababu ya kuchelewa huko, atabeba kile ambacho bima ingelipa.

7. Mkodi atamkinga Mwenye Jenereta dhidi ya madai ya mtu wa tatu, pamoja na gharama za wakili zenye kiasi, yanayotokana na matumizi ya jenereta kambini. Mwenye Jenereta naye atamkinga Mkodi dhidi ya madai yanayotokana na ubovu uliokuwepo kabla ya makabidhiano au ubishi kuhusu umiliki. Hakuna anayekingwa dhidi ya uzembe wake mwenyewe.

8. Jenereta ikipatikana baada ya Mkodi kulipa thamani yote, atachagua ndani ya siku 14 ama kuichukua iwe mali yake, ama kuirudisha na kurejeshewa fedha zake, pungufu ya gharama halisi za matengenezo.