Noti ya dola 20

Mama muuza unga aliinua ile noti juani, akaipitisha kidole pembeni, akanirudishia. "Mama, imepasuka."

Mpasuko wenyewe haukufika hata ukubwa wa ukucha. Lakini sisi wa Bukavu tunajua: franka iliyochakaa mpaka haisomeki inapita, dola yenye kovu haipiti. Nilijaribu kwa wauzaji watatu, jibu lilikuwa lile lile. Na mwanangu Furaha alikuwa ananingoja nyumbani nimletee viatu vyake.

Nikamgeukia mume wangu. Ilikuwa Jumamosi, soko la Kadutu limejaa, watu bega kwa bega kwenye tope.

"Wiki mbili unabeba matofali, Papa Furaha, unalipwa karatasi! Huna macho?"

"Patroni alikuwa na hiyo tu," alisema polepole. "Tutaongea nyumbani."

"Nyumbani tutakula maongezi?"

Watu wakacheka. Kijana mmoja mwenye gunia kichwani alisimama kabisa atazame. Hapo ningenyamaza, maana nilimwona mume wangu akiinamisha kichwa. Sikunyamaza. Nikasema wanawake wenzangu wameolewa na wanaume. Nilisema hivyo, kwa sauti, sokoni.

Hakujibu. Akanipa kikapu mkononi, akapotea katika watu.

Kambista, mbadilisha pesa, aliipokea noti akakata dola 4. Nikanunua unga wa muhogo, samaki wa sambaza sahani moja, mafuta kidogo. Viatu vikabaki pale pale vilipokuwa vimening'inia.

Saa kumi na mbili hajarudi. Nikawasha mbabula. Furaha aliuliza mara mbili, "Papa iko wapi?" Mara ya pili nilimtuma maji ili asinione uso. Giza likaingia, umeme hakuna, taa za wavuvi zikaanza kuonekana kule ziwani, na kila hatua niliyoisikia kwenye ngazi nilidhani ni yake.

Aliingia akiwa na tope mpaka magotini. Shati limepasuka begani, na bega lenyewe limevimba. Akaweka mfuko mezani. Viatu vyeusi.

"Umevipata wapi?"

"Kadutu. Kuna lori la mihogo limeshusha mchana."

Nilielewa. Alirudi kubeba magunia pale pale, mbele ya wale wale waliomcheka.

Nikatia maji ya moto kwenye beseni, nikachovya kitambaa, nikakikandamiza begani. Alishtuka, akatulia.

"Nilikukosea mbele ya watu," nikasema. "Lile neno nimelijutia kutwa nzima."

Alikaa kimya kitambo. "Na mimi ile noti ningeikagua. Niliona aibu kumkagua patroni."

Furaha alikuwa ameshavaa viatu. Vilimpwaya.

"Atakua," akasema baba yake.

Nilipakua bugali. Sambaza nikamsogezea zote upande wake. Akazirudisha katikati ya sahani, akanawa mikono, akanisubiri niketi ndipo amege.