Maji na elektrolaiti: mwongozo wa kurudia kabla ya mtihani wa leseni ya uuguzi

Namba za kawaida lazima uwe nazo kichwani: sodiamu 135–145, potasiamu 3.5–5.0, kalsiamu ya jumla takriban 2.1–2.6, zote kwa mmol/L. Lakini mtihani hauulizi namba peke yake. Unakupa mgonjwa, kisha unauliza utaanza na nini. Kwa hiyo shika kwanza madini gani yanamgonga mgonjwa wapi:

Sodiamu kichwani, potasiamu moyoni, kalsiamu mikononi, magnesiamu magotini.

Sodiamu
Ikishuka: kichwa kuuma, kichefuchefu, kuchanganyikiwa, degedege. Ikipanda: kiu kali, ulimi mkavu, kukosa utulivu, naye huchanganyikiwa. Mtego uko kwenye kasi ya kurekebisha. Iliyoshuka kwa muda mrefu hupandishwa polepole, isizidi 8–10 mmol/L kwa saa 24, la sivyo ubongo unaharibika. Iliyopanda ukiishusha haraka, ubongo unavimba. *Sodiamu haina haraka.* Mgonjwa akiwa kwenye degedege ni dharura, hapo daktari huagiza salaini kali kwa kiasi kidogo.

Potasiamu
Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu, maana ndipo maswali yanapojaa.

*Potasiamu ikipanda, T inasimama. Ikishuka, T inalala na U inazaliwa.* Hiyo ni ECG yako nzima kwa mistari miwili.

Hushuka kwa kuhara, kutapika na furosemaidi. Utaona misuli legevu, tumbo kujaa gesi na sauti za utumbo kupungua, mapigo yasiyo na mpangilio. Mgonjwa anayemeza digoksini yuko hatarini zaidi, kwa sababu potasiamu ndogo huipa digoksini nguvu ya sumu.

KCl haisukumwi kwenye mshipa kwa bomba la sindano. Kamwe. Ukiona jibu lenye maneno hayo, likate. Huchanganywa vizuri kwenye dripu, kwa kawaida isizidi 10 mmol kwa saa kwenye mshipa wa mkono. Na kabla ya kuiweka: *hakuna mkojo, hakuna potasiamu.*

Hupanda figo zikishindwa kazi, kwa majeraha makubwa ya kuungua au kupondeka, na kwa dawa kama spironolaktoni. Sampuli ambayo chembe zake zimepasuka nayo hutoa majibu ya juu ya uongo. Mgonjwa akiwa mzima kabisa na ECG safi, rudia kipimo. Matibabu yana mpangilio wa LIT:
- Linda moyo: kalsiamu glukoneti 10%, ml 10, taratibu. Haishushi potasiamu, na wengi huanguka hapo.
- Ingiza ndani ya seli: insulini ya haraka pamoja na dekstrosi, salbutamoli ya kuvuta. Pima sukari mara kwa mara.
- Toa mwilini: furosemaidi kama figo zinafanya kazi, au usafishaji damu.

Kalsiamu
Ikishuka, misuli inajikaza: ganzi kuzunguka midomo, vidole kukakamaa, koo kubana. Mfikirie mama aliyetoka kufanyiwa upasuaji wa tezi ya shingo. Ishara ya Chvostek ni ya shavu: gonga mbele ya sikio, uso unacheza. Ya Trousseau ni ya mkono: jaza hewa kitambaa cha mashine ya presha, kiganja kinajikunja.

Magnesiamu
Kwetu wakunga ni kifafa cha mimba. Kabla ya kila dozi ya magnesiamu salfeti, kagua MGUU: Mkojo (angalau ml 30 kwa saa), Goti (rifleksi ipo), Upumuaji (16 au zaidi kwa dakika), Ufahamu. Kimoja kikikosekana, zuia dozi na uite msaada. Dawa ya kuondoa sumu ni kalsiamu glukoneti gramu 1, taratibu.

Upungufu wa maji kwa mtoto
Mpango C ni ml 100 kwa kilo, Ringa lakteti: kwanza 30, kisha 70. *Chini ya mwaka saa 6 (1+5). Mwaka na zaidi saa 3 (nusu, kisha mbili na nusu).* Mwenye utapiamlo mkali yuko nje ya hesabu hii: hawekewi dripu ila akiwa kwenye mshtuko.

Jipime

1. Mtoto wa miezi 10, kilo 8, amelegea, macho yamezama, hawezi kunywa, ngozi ya tumbo ikifinywa inarudi baada ya sekunde 3. Lishe yake ni nzuri. Utampa kiasi gani?

2. Bibi wa miaka 68 anatumia digoksini na furosemaidi. Anatapika, anaona vitu vya njano, mapigo 48, potasiamu 2.8. Dozi ya asubuhi ya digoksini iko mezani. Unaanza na nini?

Majibu
1. ml 240 kwa saa 1, kisha ml 560 kwa saa 5. Akianza kuweza kunywa, ongeza ORS.
2. Usimpe digoksini, mjulishe daktari, mfunge ECG. Aliyechagua kumpa ndizi mbivu ana nia njema, ila swali limeuliza cha kwanza.